Mkopo wa dola kwa mashine ya kukoboa mpunga

Katika kazi yangu ya kuchambua mikopo hapa Tabora, wenye mashine za kukoboa mpunga huniuliza kwa nini wasikope kwa dola kama vyama vya msingi vya tumbaku, ilhali riba yake ni ndogo. Jibu langu ni kwamba tumbaku hupangiwa bei kwa dola, kwa hiyo dola ikipanda, mapato ya chama hupanda pamoja na deni. Mwenye mashine hulipwa shilingi, na mkulima wa Nzega anayeleta gunia zake hawezi kumwongezea ujira kwa sababu tu dola imepanda.

Tuchukue mfano wa mkopo wa dola 24,000 uliotolewa mwanzoni mwa 2023 kwa miezi 24, kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka inayotozwa kwenye salio. Rejesho la kila mwezi ni dola 1,096, na halibadiliki hadi mwisho. Wakati huo dola moja ilikuwa takriban shilingi 2,330, hivyo rejesho lilikuwa kama shilingi milioni 2.55. Mkopo wa shilingi wa thamani hiyohiyo, kwa riba ya asilimia 16, ungedai karibu milioni 2.74, na ndiyo maana ule wa dola ulionekana nafuu.

Hesabu ninayoisisitiza kabla ya mtu kutia saini ni kugawanya rejesho la mkopo wa shilingi kwa rejesho la mkopo wa dola. Hapa tunapata takriban 2,500, yaani dola ikivuka kiwango hicho, rejesho la mkopo wa dola huwa kubwa kuliko la shilingi. Mwishoni mwa 2023 dola ilikuwa imeshafika hapo, na katika robo ya tatu ya 2024 ikafikia kama 2,700, rejesho likawa milioni 2.96. Ikiwa ujira wa kukoboa ni shilingi 80 kwa kilo, mashine iliyotakiwa kukoboa tani 32 ili kulipia rejesho la mwezi wakati huo ilitakiwa kukoboa tani 37, kabla ya kulipa umeme na vibarua, hata katika miezi ambayo mpunga umeadimika.

Napendekeza hesabu hiyo ifanywe kwa bei ambayo benki inauzia dola, kwa kuwa ndiyo anayolipa mkopaji, nayo huwa juu ya bei ambayo benki inanunulia. Aidha, mwaka 2023 dola ziliadimika, na wapo waliokuwa na shilingi mkononi lakini wakachelewesha rejesho kwa kukosa dola za kununua.

Ni kweli kwamba mwishoni mwa 2024 shilingi iliimarika sana, lakini nafuu hiyo iliyagusa marejesho machache tu ya mwisho. Yale yaliyokwisha kulipwa kwa dola ghali hayakurudishwa.