Dola za Korosho: Kuzifunga Bei au Kuziacha Wazi

Mbanguaji wa korosho hapa Mtwara hununua korosho ghafi mnadani kwa shilingi, kisha husubiri dola za mnunuzi wa nje kwa miezi. Wengi wamezoea kuona shilingi ikishuka, hivyo kusubiri huonekana faida ya bure. Msimu wa 2024 uliwakumbusha: Oktoba dola ilikuwa karibu shilingi 2,700, na Desemba ikawa karibu 2,400.

Tuchukue mfano wa kiwanda kinachodai dola 200,000, zitakazolipwa baada ya siku 90. Ununuzi, ubanguaji na usafirishaji vimekula shilingi milioni 520, kwa hiyo dola ikishuka chini ya 2,600 kiwanda kinapata hasara. Tuseme leo bei ni 2,700. Kwa mkataba wa bei ya mbele, yaani fowadi, benki inakubali leo kuzinunua dola hizo siku ya 90 kwa 2,720.

Hiyo 20 ya ziada si utabiri wa benki. Benki inakopa dola leo, tuseme kwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka, inazigeuza shilingi na kuziwekeza kwa asilimia 8. Tofauti ya riba hizo kwa miezi mitatu ndiyo inayoipandisha bei, kabla benki haijakata chake.

Kwa fowadi, kiwanda kinapata milioni 544 na faida ya milioni 24, soko liende litakakokwenda. Kikiziacha wazi na dola ikafika 2,800, kinapata milioni 560. Ikiwa 2,400, kinapata 480 na kupoteza milioni 40. Kwangu mimi, mwenye faida nyembamba hivi na mkopo wa msimu shingoni hana sababu ya kuzifukuzia zile milioni 16. Mwenye mkopo wa dola ni habari nyingine: dola zinazoingia zitalipa deni hilo, na akizifunga zote atajikuta akizinunua tena.

Tatizo ninaloliona zaidi ni malipo kuchelewa. Fowadi ni wajibu. Siku ya 90 benki inataka dola zake, hata kama meli imechelewa au mnunuzi ameukataa mzigo. Bei ya soko ikiwa 2,800, kiwanda kinanunua dola kwa bei hiyo na kuzikabidhi kwa 2,720. Milioni 16 zinatoka mfukoni kabla mauzo hayajaingiza hata senti. Mkataba unaweza kusogezwa mbele, lakini tofauti hiyo kwa kawaida hulipwa siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo unapomuuzia mnunuzi mpya, mimi hushauri kufunga nusu tu ya dola unazomdai, na kuomba mkataba unaoruhusu kukabidhi dola siku yoyote kati ya ya 90 na ya 120. Bei yake huwa chini kidogo ya fowadi ya siku 120 kamili, maana benki hukisia utachagua siku isiyoifaa yenyewe zaidi. Pia uliza mapema dhamana: benki huuhesabu mkataba huu ndani ya kikomo chako cha mkopo, kile kile unachokitegemea kulipia mnada.