Kumbukumbu ya malipo ni nini, na kwa nini kodi na dipoziti visiende kwenye muamala mmoja

Ukituma hela kwa app ya benki kuna kale kasehemu kanakokuuliza maelezo, benki nyingine wanaandika "Maelezo ya malipo" nyingine "Kumbukumbu", na wengi wetu tunaweka tu neno lolote ili kitufe cha kuendelea kikubali, mtu anaandika "kodi", mwingine "asante", kuna wanaoweka nukta tu. Hako kasehemu ndo kumbukumbu ya malipo. Ni maneno unayoandika wewe mtumaji, yanasafiri na hela mpaka kwenye stetimenti ya aliyepokea, na yanabaki pale hata ukishafuta meseji zako zote za simu.

Watu wanaichanganya na namba ya muamala. Ile inatengenezwa na mfumo wa benki, ni mchanganyiko wa herufi na tarakimu ambao haujirudii, kazi yake ni kuutafuta muamala wako katikati ya mingine. Ukienda kaunta ukasema "nilituma hela mwezi wa saba" watakuangalia tu, ukiwapa namba ya muamala wanaupata. Lakini namba hiyo haisemi hela ilikuwa ya nini. Inathibitisha kwamba hela imetoka kwako siku fulani ikaenda akaunti fulani, basi. Ya nini, hilo linabebwa na kumbukumbu uliyoandika wewe, na kwenye mambo ya nyumba hapo ndo ugomvi unapoanzia.

Tuchukue mfano wa Dar, maana mtindo wa huku unajulikana, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, juu yake dipoziti ya mwezi mmoja, na dalali naye ana mwezi wake pembeni (huyo tumuache). Chumba na sebule Kimara, mlango B4, kodi 350,000 kwa mwezi. Miezi 6 ni 2,100,000, dipoziti 350,000, jumla 2,450,000. Mpangaji anaona kwa nini akatwe makato mara mbili, anatuma yote mara moja, kwenye maelezo anaandika "KODI". Mkataba wa kurasa mbili ulionunuliwa steshenari unasema kodi ni 350,000 na muda ni Julai mpaka Desemba 2025, dipoziti haijatajwa popote, walikubaliana kwa mdomo dalali akiwa hapohapo.

Sasa gawanya 2,450,000 kwa 350,000 uone. Inakuja 7 kamili.

Desemba mpangaji anataka kuhama, anaomba dipoziti yake. Mama mwenye nyumba mwenyewe yuko Moshi, mambo ya hela anaangaliwa na mwanae, kijana anafungua stetimenti anakuta mstari mmoja, 2,450,000, KODI. Anajibu bila hata ubaya, "kaka wewe umelipa miezi 7, una haki ya kukaa mpaka mwisho wa Januari, dipoziti siioni". Na ukimuangalia kwa haki kabisa, kwa kilichoandikwa yuko sahihi. Hajadhulumu mtu, amesoma alichokikuta.

Igeuze upande wa pili uone inavyomuuma mwenye nyumba pia. Mpangaji mwingine mwenye malipo yaleyale haombi dipoziti, anakaa tu Januari nzima, akiulizwa anasema nimelipa miezi 7 angalia stetimenti yako. Akiondoka kaacha kitasa kimevunjika na bili ya maji, na ile hela iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya mambo kama hayo imeshaliwa kama kodi. Mama wa watu anabaki na mkataba unaosema miezi 6 na stetimenti inayoonekana ni ya miezi 7.

Ndo maana nasema tuma mara mbili hata kama makato yanauma kidogo. Kodi ni hela ya mwenye nyumba tangu inapoingia, dipoziti ni hela yako ambayo yeye anaishika tu. Kumbukumbu zake ziwe hivi:

```
B4 KODI JUL-DES25
B4 DIPOZITI
```

Anza na mlango, halafu aina ya malipo, mwisho kipindi. Mpangilio huo una sababu, maelezo marefu hukatwa njiani hasa hela ikitoka benki moja kwenda nyingine, ukianza na "Malipo kwa ajili ya pango la nyumba ya" stetimenti ya mwenzako inaweza kuishia hapohapo kabla haijafika kwenye mlango wala mwezi. Alama za ajabuajabu na emoji achana nazo, kuna mifumo inazikataa. Na mlango ni muhimu kuliko jina lako, kwa sababu mara nyingi anayetuma sio mpangaji, kodi inalipwa na kaka aliyeko Muscat au mume anayefanya kazi Mwanza, stetimenti inaonyesha jina la mtu ambaye mwenye nyumba hajawahi kumsikia. Ukilipia kwa wakala ndo kabisa, muamala unaweza kusoma jina la wakala, hapo mwambie aandike mlango na jina lako kwenye sehemu ya maelezo kabla hajabonyeza.

Uthibitisho wa malipo sasa. Watu wakisikia hivyo wanawaza skrinshoti, na skrinshoti ni dhaifu kuliko tunavyodhani. Kwanza inahaririwa, kuna vijana wanabadilisha tarehe na kiasi kwa dakika mbili. Pili hata ikiwa ya kweli, ile "Imefanikiwa" ya kijani inatoka upande wako, inasema benki yako imepokea agizo na imekukata. Kwa mifumo ya papo kwa papo kama TIPS hela kawaida inafika hapohapo, lakini malipo makubwa yanayopitia TISS ya Benki Kuu, ukituma Ijumaa jioni usishangae ikasubiri mpaka Jumatatu, na mwenye nyumba akikwambia sijaona kitu hadanganyi na wewe hudanganyi. Kabla ya kuanza kurushiana maneno mpe namba ya muamala, aiulizie benki kwake.

Chenye nguvu zaidi ni stetimenti yako ya benki, ile PDF unayoishusha mwenyewe kwenye app au ukachapiwa tawini ikagongwa muhuri, maana pale muamala umekaa katikati ya miamala mingine na salio linaendelea, kuupachika mmoja wa uongo bila hesabu kuharibika ni kazi. Tanzania tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inayokubali ushahidi wa kielektroniki, kwa hiyo hata wasap zenu sio upuuzi, ila ukibishiwa utatakiwa uonyeshe kwamba hazijachezewa, na hapo stetimenti ya benki inakurahisishia sana. Risiti ya wakala nayo nzuri, lakini ile karatasi inafifia, miezi sita ndani ya pochi inageuka nyeupe, ipige picha siku hiyohiyo.

Halafu kuna kitu kinachoshinda hivyo vyote na hakina gharama, aliyepokea akiri mwenyewe. Meseji ya namna hii inatosha:

"Shikamoo mama. Leo nimetuma 2,100,000 kodi ya B4 Julai hadi Desemba, na 350,000 dipoziti ya B4, namba za miamala hizo hapo chini. Naomba uthibitishe zimefika."

"Marahaba mwanangu, zote mbili nimeziona."

Jibu hilo limefunga mambo matatu, hela imefika, amekubali kila moja ni ya nini, na amekubali kwamba dipoziti ipo. Akikujibu dole gumba tu muombe kwa adabu aandike. Kama anakupa risiti ya kitabu chukua pia, ila hakikisha zinakuwa mbili, maana risiti moja ya 2,450,000 inakurudisha palepale pa miezi 7.

Kuhusu akaunti yenyewe, zile meseji za "mimi mwenye nyumba wako, kodi tuma kwenye namba hii" kila Mbongo ameshazipata, na wanaonaswa ni wale ambao meseji imewakuta wiki ya kulipa kweli. App inakuonyesha jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha, lisome. Kama ni la mwanae au la dalali, usitume mpaka mwenye nyumba mwenyewe, kwa namba yake unayoijua siku zote, apige au akuandikie kwamba ndiyo akaunti anayoitaka, na ikiwezekana akaunti iandikwe kwenye mkataba. Ukituma kwa dalali bila maandishi halafu asiifikishe, una uthibitisho safi kabisa wa kumlipa dalali, kodi bado unadaiwa.

Wakati wa kurudisha dipoziti mambo yanafuata njia ileile kwa nyuma. Tuseme B4 anahama, rangi ya ukuta imekadiriwa 60,000 na bili ya maji ya DAWASA imebaki 28,000, umeme hauna deni kwa sababu ni LUKU. Makato 88,000, inarudi 262,000. Mwenye nyumba atume benki na aandike `B4 RUDISHO DIPOZITI`, alafu makato ayaorodheshe kwenye meseji pamoja na picha ya ukuta na ya bili, kwa sababu stetimenti itaonyesha 262,000 tu, zile 88,000 zilikoenda haijui. Akikupa keshi mkononi mkiwa mnapakia kirikuu, yeye ndo anayejiweka pabaya, kesho unaweza ukadai hujapewa na hana cha kuonyesha.

Kuna ile nyingine inafanyika sana, mpangaji anasema mwezi wa mwisho usinidai, kula dipoziti. Inaruhusiwa kama wote mmekubali, ila angalia kilichotokea hapo, hela iliyokuwa yako imegeuka kodi na hakuna muamala wowote uliofanyika. Benki haina mstari wa kuonyesha hilo, sio kwako sio kwake, stetimenti zote mbili zitaendelea kusema B4 ana dipoziti na hajalipa Januari. Kwa hiyo hilo moja lazima liwe la maandishi, "Dipoziti ya B4 350,000 imetumika kuwa kodi ya Januari 2026, hakuna dipoziti iliyobaki", na mwingine anajibu nimekubali. Mwenye nyumba afikirie vizuri kabla ya kujibu, maana kuanzia hapo kitasa kikivunjika hana tena hela ya kukata.