Hesabu ya kibao cha "nunua mbili, ya tatu nusu bei"

*Dada yangu kanitumia picha ya kibao cha duka moja kule Mwanjelwa, Mbeya. Majani ya chai gramu 250, shilingi 2,400, nunua mbili ya tatu nusu bei. Je, si kila pakiti inakuwa 1,200?*

Hapana, inatoka shilingi 2,000. Pakiti ya kwanza ni 2,400, ya pili 2,400, ya tatu 1,200. Jumla ni 6,000, ukigawa kwa tatu unapata 2,000.

Hesabu yenyewe ni fupi, lakini kosa linaloizunguka ni sugu na lina matoleo mawili. La kwanza ni hilo la 1,200: jicho linadaka "nusu bei" iliyoandikwa kwa herufi kubwa nyekundu, na nusu hiyo inapachikwa kwenye kila kitu kilichomo ndani ya kikapu. Familia ya watu watatu ikipanda daladala Kabwe kwenda Uyole, na konda akakubali mtoto alipe nusu nauli, hakuna atakayeshuka akisema wote wamesafiri kwa nusu. Baba kalipa nauli kamili, mama kalipa kamili, na ile nusu ya mtoto ndiyo nafuu pekee iliyoingia mfukoni mwa familia. Ukitaka kujua kila kichwa kimegharimu ngapi, nafuu hiyo moja inabidi uigawe kwa vichwa vitatu. Nusu ya nauli ikigawiwa watatu, kila mmoja anapata sehemu moja ya sita. Kwa chai ya kibao chetu, sehemu ya sita ya 2,400 ni 400, ndiyo maana bei inashuka kutoka 2,400 hadi 2,000 na kuishia hapo. Kwa asilimia ni kama 16.7.

Toleo la pili ni la watu waangalifu zaidi, na ndilo gumu kung'oa. Wanasema: moja bei kamili, nyingine nusu bei, wastani wake ni punguzo la asilimia 25, kwa hiyo pakiti ni 1,800. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama kibao kingesema nunua moja, ya pili nusu bei. Hapa imesahaulika pakiti nzima moja iliyolipiwa bei kamili. Tofauti ya 1,800 na 2,000 inaonekana ndogo, lakini kwa pakiti tatu ni shilingi 600, na ndizo zinazozua mabishano kaunta.

Njia ya haraka ukiwa mbele ya rafu: zidisha bei ya moja kwa 5, gawa kwa 6. Inafanya kazi kwa bidhaa yoyote yenye ofa ya namna hii.

Sasa ajabu yake. Bei hiyo ya 2,000 haikai palepale ukiongeza pakiti. Inapanda, kisha inashuka tena. Ukichukua nne, ya nne inaanza mzunguko mpya na unailipia kamili: jumla 8,400, kila moja 2,100. Ukichukua tano, jumla ni 10,800, kila moja 2,160. Ya sita inaangukia tena kwenye nusu bei, jumla 12,000, na tunarudi kwenye 2,000. Anayenunua tano analipia kila pakiti zaidi kuliko anayenunua tatu, ingawa kanunua nyingi zaidi. Na hayo ni iwapo duka linaruhusu ofa kujirudia. Kama kwa chini pameandikwa kuwa ofa ni mara moja kwa mteja, ya sita nayo ni 2,400.

Hilo lina uzito pale kitu kingine kinapokuwa jirani. Tuseme kwenye rafu hiyohiyo ipo pakiti ya gramu 500 kwa 4,300, bila ofa yoyote. Huwezi kulinganisha pakiti na pakiti, kwa hiyo shusha zote kwenye gramu 100. Pakiti kubwa ni shilingi 860 kwa gramu 100. Pakiti ndogo ukinunua moja au mbili ni 960, kwa hiyo hapo kubwa inashinda, na wala ofa haijaanza kufanya kazi. Ukinunua tatu inakuwa 800, ofa inashinda. Nne ni 840, bado inashinda. Tano ni 864, imeshindwa kwa shilingi nne. Hesabu chache za dukani zina kichekesho kama hicho: tatu na nne unafaidi, ya tano ukiitia kikapuni ungekuwa umefanya vizuri kubeba zile kubwa ambazo hazina kibao chochote.

Picha yenyewe nayo ina mitego yake, na hapa hesabu haisaidii kama chanzo kimesomwa vibaya. Kwanza, namba kubwa kwenye kibao ni bei ya nini? Maduka mengine huandika kwa herufi nene bei ya ile ya tatu, yaani 1,200, na bei kamili ikabaki kwenye kikaratasi kidogo kilichobandikwa ukingoni mwa rafu. Ukiichukua 1,200 kama bei ya kawaida, utapata pakiti moja kwa 1,000, na huo ni uongo wa nusu kwa nusu. Mwombe anayepiga picha arudi nyuma hatua moja ili kikaratasi cha rafu kiingie. Pili, kibao aghalabu hakitaji uzito, na mtengenezaji mmoja anaweza kuwa na pakiti za gramu 250, 100 na 50 zenye rangi zilezile. Picha ya pili ya pakiti yenyewe, pale palipoandikwa uzito halisi, inamaliza ubishi.

Tatu ni mstari mdogo wa chini, unaosema nusu bei inahusu bidhaa yenye bei ndogo zaidi. Ukichukua tatu zinazofanana haukuhusu. Ukichanganya, unauma. Chukua mbili za gramu 250 na moja ya gramu 100 inayouzwa 1,000. Nusu itakatwa kwenye ile ya 1,000, siyo kwenye ya 2,400, kwa hiyo umeokoa 500 badala ya 1,200. Unalipa 5,300 kwa gramu 600, sawa na shilingi 883 hivi kwa gramu 100. Pakiti kubwa ya 860 imekupita tena. Mstari huo kwenye picha iliyopitia simu mbili tatu mara nyingi unakuwa ukungu mtupu, na usiposomeka ni salama kuhesabu kana kwamba upo.

Chai kavu angalau inavumilia kukaa kabatini ikifungwa vizuri, na kwa Mbeya, ambako mashamba ya chai ya Tukuyu hayako mbali, nyumba ya watu wengi hupiga gramu 750 bila kujitambua. Kwa mkate au maziwa, vitu visivyokaa, ya tatu ya nusu bei inamfaa tu mtu ambaye mbili zilikuwa zinamtosha kasoro kidogo. Na hata kwa chai, aliyekwenda kutafuta pakiti moja ametoa 6,000 mahali pa 2,400.

Uthibitisho wa mwisho ni risiti ya EFD. Pakiti tatu zikiandikwa 7,200 bila mstari wa punguzo, basi bei ya ofa haijaingizwa kwenye mfumo wa kaunta, na hapo picha ya kibao ndiyo ya kumwonyesha keshia kabla hujatoka.