Mashada ya mahafali: "Nitaagiza kesho" na mengine tunayoyasikia

Mashada haya pichani ni ya mahafali ya Jumamosi. Tumeyafunga Ijumaa jioni, ila kazi yake ilianza Jumatatu.

*Dhana:* Shada hufungwa kwa dakika 20, kwa hiyo oda ya jana yake inatosha.

*Ukweli:* Kufunga ni dakika 20 kweli. Kinachokula muda ni ua lenyewe. Tazama lile la katikati, lenye mayungiyungi meupe. Yaliagizwa Jumatatu, yakatufikia Jumanne yakiwa matumba ya kijani yaliyofumba kabisa. Tukakata mashina kwa mshazari, tukatoa majani ambayo yangezama majini, tukayaacha kwenye ndoo. Yamefunguka Ijumaa. Yangeagizwa Alhamisi, mhitimu angepigwa picha na matumba mkononi.

Waridi halisubiriwi hivyo, lakini nalo linahitaji usiku mzima wa kunywa maji. Likifungwa na kiu, shingo hulegea na ua huinama hotuba zikiwa bado zinaendelea.

Ndiyo maana tunaomba siku 5 kwa mayungiyungi au utepe wa rangi ya kitivo chako, na siku 2 kwa waridi na alizeti. Ukija siku yenyewe utapata, ila ni kile kilichobaki kwenye ndoo.

*Dhana:* Chavua ya yungiyungi ikidondokea joho, pangusa haraka kwa kitambaa chenye maji.

*Ukweli:* Hapo ndipo doa linapokolea. Tumia selotepu: bandika, bandua, rudia. Sisi huvinyofoa vijiti vya chavua kila ua linapofunguka, ila tumba litakalofunguka kwako utalinyofolea mwenyewe.

*Dhana:* Shada likipelekwa ukumbini moja kwa moja, hakuna usumbufu.

*Ukweli:* Usumbufu mwingi uko huko huko. Mhitimu yuko ndani na simu ameizima, magari yamezuiwa mbali, na mwendesha pikipiki wetu amesimama juani na maua. Tunapeleka langoni, lakini tupe namba ya mtu atakayekuwa nje, siyo ya mhitimu. Tunachopendelea ni kukuletea nyumbani jioni ya kuamkia mahafali, mashina yakiwa yamefungiwa pamba yenye maji. Ukifika nalo ndani, toa pamba, weka shada kwenye jagi la maji mahali penye ubaridi. Kwenye friji yenye matunda hapana: yanapoiva hutoa gesi ya ethilini, nayo huchakaza maua. Ukitaka, pitia dukani mwenyewe asubuhi. Usiliache tu kwenye gari lililofungwa vioo.

Kuagiza, tuandikie tarehe na saa ya mahafali, rangi ya utepe, mahali pa kupelekea, na jina na namba ya mpokeaji.