Betri ya Steam Deck: dhana potofu kuhusu kikomo cha fremu na kikomo cha wati

Steam Deck ni mashine ya gemu ya kushika mkononi kutoka Valve, na hapa nazungumzia ya kwanza, ile ya skrini ya LCD iliyotoka mwaka 2022. Betri yake hubeba wati-saa 40. Gemu nzito ikiachiwa itakavyo huimaliza kwa muda usiofika saa mbili, ndipo wenye mashine wanapoanza kuhangaika na mipangilio. Wengi hugusa kitufe sahihi kwa sababu isiyo sahihi, kisha hulalamika kwamba hakijasaidia.

Dhana: Ukishusha TDP hadi theluthi moja, betri itadumu mara tatu

TDP ni kiasi cha umeme ambacho chipu inaruhusiwa kutumia. Kwenye Deck kikomo chake cha juu ni wati 15, na unaweza kukishusha hadi 3. Lakini chipu haili peke yake. Skrini, kumbukumbu, diski, Wai-Fai, feni na spika zote zinachota kwenye betri hiyohiyo, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosikiliza kikomo cha TDP.

Chukua mfano ambao vitu hivyo vingine vinakula wati 7. Chipu ikiwa kwenye 15, jumla ni 22. Gawa 40 kwa 22, unapata saa 1 na dakika 49. Sasa shusha chipu hadi 5. Jumla inakuwa 12, na betri inafika saa 3 na dakika 20. Ni faida kubwa, ila si mara tatu, maana zile wati 7 hazijasogea. Kadiri unavyoshuka ndivyo sehemu hiyo isiyopungua inavyokuwa kubwa ndani ya jumla. Kuna hatua ambapo kupunguza mwanga wa skrini kunakusaidia kuliko kuinyima chipu wati moja zaidi.

Kwa hiyo namba ya kuitazama ni ile ya betri nzima. Chomoa chaja, bonyeza kitufe cha nukta tatu, nenda kwenye alama ya betri, kisha sogeza Performance Overlay Level hadi hatua ya mwisho inayoonyesha kila kitu. Penye neno BATT utaona wati zinazotoka kwenye betri wakati huo. Gawa 40 kwa namba hiyo, umepata saa zako kwa betri iliyojaa.

Dhana: Kikomo cha fremu na kikomo cha wati ni kitu kimoja

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na naomba tutulie kidogo.

Fremu ni picha moja kati ya zile zinazofuatana haraka kwenye skrini, na kikomo cha fremu hupunguza kazi yenyewe. Ukiiambia mashine ichore fremu 40 kwa sekunde badala ya 55, ikimaliza fremu moja inapumzika hadi wakati wa inayofuata. Inaweza pia kufanya kazi kwa mwendo mdogo, na mwendo mdogo unahitaji volteji ndogo. Siri iko kwenye volteji: matumizi ya umeme hufuata mwendo ukizidishwa kwa mraba wa volteji, hivyo vikishuka vyote pamoja, umeme hupungua haraka kuliko fremu zinavyopungua. Wati za mwisho pale juu hununua fremu chache sana.

Kikomo cha wati hakipunguzi kazi. Ni dari tu. Gemu ikihitaji wati 9 nawe umeweka dari ya 12, hakuna kitakachobadilika. Ikihitaji 13 ukaweka 8, kazi itabaki ileile ila haitakamilika kwa wakati, na fremu zitaanza kuchelewa.

Ndiyo maana utaratibu una maana. Anza na fremu. Tuseme gemu ya ulimwengu wazi inapanda na kushuka kati ya fremu 45 na 55, na BATT inasoma 22. Weka Frame Limit kwenye 40. Nenda kwenye eneo gumu kuliko yote unalolijua ndani ya gemu hiyo, soko lenye watu au pigano lenye moshi, usipimie chumbani kwa mhusika wako. BATT ikitulia kwenye 16, betri iliyojaa itakupa saa 2 na nusu badala ya saa 1 na dakika 49.

Sasa tu ndipo uwashe TDP Limit. Shusha wati moja, subiri kama dakika moja, tazama mchoro wa muda wa fremu. Mstari ukiwa umenyooka, shusha nyingine. Ukianza kuwa na miiba, umepita kiasi. Rudisha wati moja au mbili. Katika mfano wetu huenda ukaishia 11 na BATT ikashuka hadi 15, yaani dakika 10 za ziada. Kazi kubwa ilishafanywa na kikomo cha fremu.

Ukishusha TDP mno, kuna dalili nyingine. Sehemu ya kuchora picha na ile ya kukokotoa hugawana wati hizohizo. Wahusika wakiwa wengi, ile ya kukokotoa inahitaji zaidi na ya kuchora inanyimwa. Ukiona gemu iko laini porini lakini inakwama mjini, ongeza wati kabla ya kuilaumu gemu.

Washa pia Use per-game profile kabla ya kugusa chochote, la sivyo mpangilio wa gemu moja utaifuata nyingine.

Dhana: Ni 60 au 30, hakuna cha kati chenye maana

Hesabu kwa muda, usihesabu kwa fremu. Kwenye fremu 60 kila moja hukaa milisekunde 16.7. Kwenye 30 hukaa 33.3. Kwenye 40 hukaa 25, na 25 iko katikati kabisa ya hizo mbili. Jicho na kidole huhisi muda, kwa hiyo 40 inakupa nusu ya ulaini wote uliopo kati ya 30 na 60.

Sharti ni skrini ikubaliane. Skrini inayojichora mara 60 kwa sekunde haigawanyiki sawasawa kwa 40, hivyo baadhi ya fremu zingekaa muda mrefu kuliko nyingine na picha ingetetemeka. Skrini ya Deck hii inaweza kushushwa hadi Hz 40, ndiyo maana mpango huu unafanya kazi. Ile ya OLED ya mwaka 2023, yenye Hz 90, hutumia Hz 80 na kuonyesha kila fremu mara mbili.

Mimi huichagua 40 pia kwa ajili ya kidole. Kikomo cha mfumo huongeza kuchelewa kidogo kati ya kubonyeza na kuona, na kwenye 30 kuchelewa huko kunachosha katika gemu za kulenga shabaha.

Dhana: Gemu nyepesi haihitaji kikomo chochote

Gemu nyepesi ndiyo inayofaidika zaidi na TDP ndogo. Chipu ikiona ina nafasi ya wati 15, mara nyingi hupandisha mwendo kupita mahitaji, hata kwa gemu ya picha bapa ambayo ingetosheka na wati 4. Weka dari ya 4 au 5, fremu zibaki 60 zilezile, kisha soma BATT kabla na baada. Kwenye OLED, tazama pia kama gemu hiyo haikimbii kwa fremu 90 bila sababu.

Dhana: Kuibana chipu kunaiharibu

Hapana. Inafanya kazi kwa mwendo na joto dogo, na feni inatulia. Baya linaloweza kutokea ni gemu kukwama, na unalirekebisha hapohapo kwa kurudisha wati ulizotoa.