Grafu kusomeka maana yake nini kwenye slaidi za kutetea tasnifu

"Mbona inasomeka, mimi naiona vizuri tu." Jibu hili hutolewa kila msimu wa utetezi, msimamizi anapolalamika kuhusu grafu, na anayelitoa huwa ameketi sentimita 40 kutoka kwenye kompyuta yake. Akiambiwa apunguze maneno, anapunguza ukubwa wa herufi ili maneno yaleyale yaenee. PowerPoint nayo humsaidia kukosea: ukijaza kisanduku kupita kiasi, yenyewe huanza kupunguza ukubwa wa maandishi kimyakimya.

Grafu inasomeka pale mtahini aliyekaa mbali kuliko wote anapoweza kusoma tarakimu za mihimili na kujua mstari upi ni wa nini, bila kusaidiwa na msemaji. Kuona kwamba kuna mistari na rangi ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo wengi wanapochanganya.

Tupige hesabu kidogo. Slaidi ya kawaida ya 16:9 ina kimo cha inchi 7.5, yaani pointi 540. Grafu ukiitoa kwenye tasnifu na kuibandika kwenye slaidi kwa ukubwa uleule, herufi zake za pointi 10 zinachukua sehemu moja tu kati ya 54 za kimo hicho. Sasa projekta ikitoa picha yenye kimo cha mita 1.5, na mtahini wa nje amekaa mwisho wa meza, mita 8 kutoka ukutani, jicho lake linaona herufi zilezile kama za pointi 4 kwenye karatasi aliyoishika mkononi. Hakuna anayechapa tasnifu kwa pointi 4. Ili azione kama za pointi 10 alizozizoea kwenye karatasi, kwenye slaidi zinatakiwa ziwe za pointi 25 hivi. Chumba kikiwa kifupi unaweza kushuka hadi 20. Chini ya hapo unamwonea.

Wengi wakisikia hivyo hushika kona ya picha na kuivuta. Ikiwa picha ni ndogo, herufi zinakua huku zikififia kingo, na grafu iliyosongamana inabaki imesongamana. Grafu ya slaidi huchorwa upya kutoka kwenye data.

Tuchukue tasnifu ya kilimo inayolinganisha mavuno ya mahindi kwa mbolea nne, katika vijiji vitatu, kwa misimu mitano. Kwenye karatasi grafu ina mistari 12 na kisanduku cha ufunguo pembeni. Hilo si kosa, kwa sababu msomaji wa tasnifu ana muda wa kurudi nyuma na kufuatisha kila mstari kwa kidole. Ukumbini, slaidi inakaa dakika moja au mbili. Kama hoja yako ni kwamba DAP pamoja na samadi ilistahimili mvua zilizochelewa kuliko DAP peke yake, slaidi inahitaji mistari miwili tu, ya wastani wa vijiji vitatu, na neno "wastani" liandikwe hapohapo ili usionekane unaficha tofauti za vijiji. Jina la mbolea liwekwe mwishoni mwa mstari wake, na kisanduku cha ufunguo kiondoke. Njano usiitumie kwenye usuli mweupe, maana projekta iliyochoka huifuta kabisa. Nyekundu na kijani zisitegemewe peke yake kutofautisha mistari, kwani wapo watu ambao kwao rangi hizo hufanana.

Juu ya grafu, badala ya "Matokeo ya Lengo la Pili", andika matokeo yenyewe kwa sentensi moja. Sentensi hiyo inatosha kuwa maandishi yote ya slaidi. Maelezo mengine utayasema kwa mdomo.

Kupunguza kuna mpaka wake. Vistari vya kosa sanifu visifutwe kwa kisingizio cha usafi, kwa sababu ndivyo vinavyomsaidia mtahini kupima kama tofauti unayoitetea ni ya kweli. Vipimo navyo vibaki: tani kwa hekta, si "mavuno" tupu. Ile grafu ya mistari 12 iweke baada ya slaidi ya shukrani, ikisubiri swali, na pembeni uandike ukurasa wake kwenye tasnifu. Kila slaidi iwe na namba, ili mtahini aweze kusema "turudi ya 7".

Kwa hiyo msimamizi akikuuliza kama grafu inasomeka, usimjibu ukiwa umeketi. Fungua slaidi ijae kioo cha kompyuta, simama, rudi nyuma mita moja. Kwa kompyuta ya kawaida ya mkononi, hapo unaona karibu sawa na mtu wa mita 8 ukumbini. Soma kwa sauti tarakimu za mhimili wima, kuanzia chini hadi juu, ndipo umjibu.