Enthalpi ya mmenyuko kutoka jedwali la bondi: inakadiriwaje, na uiamini kiasi gani

Gesi asilia ya Songo Songo, inayopita bombani hadi Dar es Salaam, karibu yote ni methani. Moli moja ya methani, yaani gramu 16, ikiungua yote hutoa joto la kilojuli 802, ikiwa maji yanayotokana na mwako yanabaki mvuke. Namba hiyo inatokana na vipimo. Sasa chukua mtu asiye na kifaa chochote cha kupimia, ila ana karatasi yenye jedwali dogo la nishati za bondi. Anaweza kuikaribia namba hiyo kwa kujumlisha na kutoa tu. Akishaipata, kazi ngumu zaidi ni kujua jibu lake lina uzito gani.

Enthalpi ya mmenyuko, inayoandikwa ΔH, ni joto linaloingia au kutoka mmenyuko unapofanyika katika kanieneo isiyobadilika. Likitoka, ΔH ni hasi. Likiingia, ni chanya. Wazo la kuikadiria kwa bondi ni jepesi: jifanye kwamba molekuli zote zinazoingia zinavunjwavunjwa hadi kubaki atomi moja moja, kisha atomi hizo zinaungana upya kuwa mazao. Kuvunja bondi hugharimu nishati, kila mara. Kuunda bondi hurudisha nishati, kila mara. Kwa hiyo:

ΔH ≈ (jumla ya bondi zilizovunjwa) − (jumla ya bondi zilizoundwa)

Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu mtaani na hata darasani husemwa kwamba nishati "imehifadhiwa ndani ya bondi" na ukizivunja inatoka. Sivyo. Methani haitoi joto kwa sababu bondi zake zimevunjika. Hutoa joto kwa sababu bondi za kaboni dayoksaidi na za maji ni imara kuliko zile zilizovunjwa, na tofauti hiyo ndiyo tunayopikia.

Tuhesabu. Mmenyuko ni huu:

CH₄ + 2O₂ → CO₂ + 2H₂O

Jedwali la kawaida linatupa nishati za wastani, kwa kilojuli kwa moli: C–H 413, O=O 498, O–H 463, na C=O ya kaboni dayoksaidi 805. Tunavunja bondi nne za C–H, ambazo ni 1652, na bondi mbili za O=O, ambazo ni 996. Jumla 2648. Tunaunda bondi mbili za C=O, yaani 1610, na bondi nne za O–H, yaani 1852. Jumla 3462. Toa la pili kwenye la kwanza: ΔH ≈ −814.

Kipimo ni −802. Tumekosea kwa kilojuli 12, kama asilimia moja na nusu. Si haba kwa hesabu inayoenea nyuma ya bahasha.

Lakini hizo 12 zimetoka wapi? Jibu liko kwenye neno "wastani". Ukiing'oa hidrojeni ya kwanza kutoka methani unahitaji kilojuli 439 kwa moli. Ya pili inahitaji 462, ya tatu 424, ya nne 338. Bondi nne zinazoonekana sawa kabisa kwenye mchoro, na kila moja ina bei yake, kwa sababu kila unapoondoa atomi moja kile kinachobaki si methani tena. Jumla yake ni 1663, na ukigawa kwa nne unapata takriban 416. Huo ni wastani wa ndani ya methani peke yake. Namba 413 iliyoko kwenye jedwali ni wastani mpana zaidi, uliochukuliwa kutoka molekuli nyingi zenye C–H: za ethani, za alkoholi, na nyinginezo. Kwa hiyo jedwali lilidhani methani inavunjika kwa 1652 wakati kweli inahitaji 1663. Tofauti ni 11. Karibu kosa lote limo humo. Maji na kaboni dayoksaidi vimechangia kidogo mno.

Kumbe basi namba ya jedwali haielezi bondi ya molekuli yako. Inaeleza bondi ya molekuli ya kati, ambayo huenda haipo popote. Ni kama bei ya wastani ya nyanya kwa mwaka: inafaa kupangia bajeti, ila usiende nayo sokoni ukabishane na muuzaji.

Kabla ya kuulaumu wastani, hata hivyo, hakikisha kosa si lako. Mambo mawili huharibu hesabu hii kuliko wastani wenyewe. La kwanza ni kuchukua C=O isiyo yake. Majedwali mengi yana C=O ya takriban 745, ambayo ni ya aldehaidi na ketoni, halafu kando yake au chini kwa maandishi madogo kuna 805 ya kaboni dayoksaidi. Ukitumia 745 kwenye mwako wa methani unapata −694, na ukweli umeukosa kwa zaidi ya kilojuli 100. Ukiona mwako wako umetoka dhaifu sana kuliko kipimo, angalia hapo kwanza.

La pili ni hali ya maada. Nishati za bondi zinahusu gesi, vyote vinavyoingia na vyote vinavyotoka. Vitabu vingi lakini huorodhesha mwako wa methani kuwa −890, si −802, kwa sababu vimechukulia maji yamepoa yakawa kimiminika. Kila moli ya mvuke inayogeuka maji kwenye 25°C huachia kilojuli 44, na hapa moli ni mbili, hivyo 88. Mwanafunzi anayelinganisha −814 yake na −890 huona kosa la 76 na kudhani njia ni mbovu, kumbe amelinganisha mvuke na maji. Ongeza zile 88 kwenye jibu lako na utapata −902, umbali uleule wa 12 kutoka kwenye kipimo.

Sasa tuje kwenye kile ambacho mimi naona ndicho kiini cha kuamini au kutoamini. Chukua ethanoli, ile ya kwenye pombe, na dimethili etha. Zote mbili ni C₂H₆O, atomi zilezile zimepangwa tofauti. Tuseme tunaigeuza ya kwanza kuwa ya pili, zote zikiwa gesi. Bondi zisizobadilika hatuna haja ya kuzigusa. Tuzikate pande zote mbili. Ethanoli ina C–C moja, C–O moja, O–H moja na C–H tano. Etha ina C–O mbili na C–H sita. Kinachobaki baada ya kukata ni kwamba tunapoteza C–C (348) na O–H (463), jumla 811, na tunapata C–O (358) na C–H (413), jumla 771. ΔH ≈ +40.

Kipimo ni karibu +51. Kosa ni 11.

Angalia vizuri: kosa la 11 ni karibu sawa na lile la methani, 12. Lakini kule lilikuwa asilimia moja na nusu, na huku ni zaidi ya asilimia 20. Kosa halikupungua jibu lilipokuwa dogo, kwa sababu halitegemei ukubwa wa jibu. Linategemea bondi ngapi zimebadilika na kila moja iko mbali kiasi gani na wastani wake. Ndiyo maana kuuliza "njia hii ina usahihi wa asilimia ngapi?" hakuna jibu. Swali lenye jibu ni hili: tofauti ninayoitafuta ni kubwa kuliko kilojuli kumi au ishirini? Mwako una mamia, hivyo uko salama. Mmenyuko ambao umetoka +8 au −5 huwezi kusema kwa uhakika hata kama unatoa joto au unalifyonza. Alama yenyewe haiaminiki.

Kuna pahali njia inakwama kabisa. Butani na isobutani, zote mbili huwemo kwenye mitungi ya gesi ya kupikia, zina idadi ileile ya C–C na C–H. Jedwali litakuambia kugeuza moja kuwa nyingine ni sifuri kamili. Ukweli ni kwamba nishati ya isobutani ipo chini kwa karibu kilojuli 8 au 9. Jedwali huhesabu bondi tu, halijui matawi.

Na kuna pahali kosa linakuwa kubwa kiasi cha kuwa habari yenyewe. Benzeni mara nyingi huchorwa kama pete ya kaboni sita yenye bondi mbilimbili tatu. Tuuamini mchoro huo na tuongeze hidrojeni hadi ipatikane saikloheksani. Tunapoteza C=C tatu (612 kila moja) na H–H tatu (436), jumla 3144. Tunapata C–C tatu (348) na C–H sita (413), jumla 3522. ΔH ≈ −378. Miaka ya 1930 George Kistiakowsky na wenzake kule Harvard walipima joto la aina hii kwa gesi, na benzeni ilitoa takriban −206 tu.

Kosa ni 172. Je, ni la jedwali au ni la mchoro? Linaweza kutenganishwa, kwa kutumia ndugu wa benzeni asiye na utata: saikloheksini, pete ileile lakini yenye C=C moja. Kwa jedwali, kuiongezea hidrojeni kunatoka −126. Kipimo ni kama −120. Jedwali limezidisha kwa 6 kwa kila C=C, kwa hiyo kwa C=C tatu lingezidisha kwa 18. Zinabaki 154 ambazo haziwezi kubebeshwa wastani. Hizo ni za benzeni: elektroni zake hazikukaa kwenye bondi tatu zilizochorwa bali zimetandaa pete nzima, na hivyo molekuli ni imara kuliko mchoro unavyodai.